Barua pepe inayoomba mshahara uhamishiwe akaunti mpya: mwongozo kwa anayeandaa malipo

Wahasibu wapya na maafisa utumishi wa kampuni za hapa Mwanza wamekuwa wakiniuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: imekuja barua pepe ya mfanyakazi, anaomba mshahara wa mwezi huu uingie kwenye akaunti mpya, je, nibadilishe? Wapo wanaouliza kabla ya kugusa chochote, na wapo wanaouliza fedha zikiwa zimeshaondoka. Mwongozo huu ni wa yule anayeandaa orodha ya mishahara katika kiwanda cha samaki, hoteli, shule binafsi au kampuni ya usafirishaji, yaani mahali ambapo akaunti za wafanyakazi hubadilishwa kwa mkono wa mtu mmoja au wawili waliopo ofisini.

Utapeli wenyewe hauna mambo mengi. Mtu asiyejulikana huandika kwa jina la mfanyakazi wenu halisi, akaomba mabadiliko yaanze mwezi huu huu, na benki pamoja na namba ya akaunti huvitaja hapo hapo au baada ya kujibiwa. Hahitaji kuvunja mfumo wowote. Jina, cheo na anwani ya ofisi ya uhasibu huvipata kwenye tovuti ya kampuni au kwenye mitandao ya kijamii. Ujanja wake mkubwa ni kwamba hagusi kiasi chochote cha fedha: jumla ya mishahara inabaki ile ile, kodi ya mapato inabaki ile ile, michango ya NSSF inabaki ile ile, na kila hesabu mliyozoea kuilinganisha mwisho wa mwezi inakubali. Kilichobadilika ni namba ya akaunti katika mstari mmoja. Mwezi Septemba 2019 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilieleza kwamba kati ya tarehe 1 Januari 2018 na 30 Juni 2019 lilipokea malalamiko 1,053 ya aina hii, yenye hasara ya dola 8,323,354, ambayo ni wastani wa dola 7,904 kwa kila lalamiko. Mshahara wa mtu mmoja au wawili hupita kimya pale ambapo malipo makubwa yangeulizwa maswali.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya tukio

Hatua zilizo hapa chini hazifanyi kazi ikiwa unaanza kutafuta vifaa siku ambayo barua imeshafika. Andaa mapema vitu hivi:

- Orodha ya namba za simu za wafanyakazi wote, iliyotokana na fomu zao za ajira na kuhakikiwa ana kwa ana, ikiwa imechapishwa au kuhifadhiwa mahali ambapo barua pepe haifiki. Kila mfanyakazi awe na namba yake pamoja na ya msimamizi wake wa kazi.
- Fomu ya kubadilisha akaunti ya mshahara, ya karatasi, yenye nafasi ya akaunti ya zamani, akaunti mpya, saini ya mfanyakazi, saini ya aliyehakiki na tarehe.
- Tarehe ya kufunga mabadiliko ya kila mwezi, inayojulikana kwa wafanyakazi wote. Ikiwa mnalipa tarehe 25, tarehe 20 inatosha.
- Mtu wa pili, asiyekuwa yule anayeingiza mabadiliko, mwenye kazi ya kuyahakiki.
- Namba ya simu ya afisa wa benki anayehudumia akaunti ya kampuni, pamoja na namba ya huduma kwa wateja inayopokelewa usiku na siku za mapumziko.

Kwa kuwa maelezo matupu husahaulika upesi, nitatumia mfano mmoja wa kubuni katika hatua zote. Kiwanda cha minofu ya sangara kilichopo ufukweni kina msimamizi wa ubora anayeitwa Neema, ambaye mshahara wake baada ya makato ni shilingi 1,850,000. Mwandaaji wa mishahara ni Masanja. Jioni ya tarehe 19, siku moja kabla ya kufunga mabadiliko, Masanja anapokea barua hii:

"Habari za kazi. Nimebadilisha benki na ningependa mshahara wangu uingie kwenye akaunti mpya. Je, mabadiliko yanaweza kuanza mwezi huu? Nijulishe unahitaji taarifa gani. Nipo kwenye kikao, sitaweza kupokea simu. Neema, Msimamizi wa Ubora."

Barua haina kiungo cha kubofya wala kiambatisho, ndiyo maana vichujio vya barua taka mara nyingi huiacha ipite. Pia haina namba ya akaunti. Tapeli anataka kwanza ajibiwe, kwa sababu mhasibu aliyekwisha kujibu mara moja huwa ameshakubali moyoni kwamba anazungumza na mwenzake.

Hatua za kufuata

1. Lisimamishe ombi, na usilijibu. Andika katika daftari la mabadiliko: tarehe, jina lililotumika, njia ombi lilikopitia, na neno "halijahakikiwa". Usimjibu kwa kumtumia fomu, wala usimwambie "nipigie ukiwa na nafasi". Ukimtumia fomu ataijaza vizuri kuliko wafanyakazi wengi wanavyoijaza, na ukimwambia apige atapiga, au atampa mtu mwingine apige. Barua yenyewe usiifute, kwa kuwa itahitajika baadaye.

2. Itazame anwani kamili ya mtumaji. Simu nyingi huonyesha jina tu na kuficha anwani, kwa hiyo Masanja aliyeisoma barua akiwa kwenye daladala ya kurudi nyumbani aliona "Neema" na basi. Gusa jina hilo hadi anwani ijitokeze, au subiri ufike kwenye kompyuta. Utakutana na moja ya hali tatu. Ya kwanza, ambayo ni ya kawaida zaidi, ni jina la mfanyakazi juu ya anwani ya bure isiyokuwa ya kampuni. Ya pili ni anwani inayofanana na ya kampuni lakini imepotoshwa kidogo, kama vile `.com` badala ya `.co.tz`, au herufi `rn` zilizowekwa mahali pa `m`. Ya tatu ni anwani halisi ya kampuni, herufi kwa herufi. Hii ya tatu haimaanishi kwamba barua ni ya kweli, na nitaeleza sababu katika hatua inayofuata.

3. Fungua taarifa kamili za barua, lakini ujue mipaka yake. Katika Gmail, ukiwa kwenye kompyuta, bofya nukta tatu zilizo upande wa kulia wa barua, kisha `Show original`. Katika Outlook ya kompyuta ya toleo la `classic`, fungua barua katika dirisha lake, nenda `File`, kisha `Properties`, na usome kisanduku cha `Internet headers`. Barua aliyoipata Masanja ilikuwa hivi, nikiwa nimefupisha na kuficha sehemu ya anwani:

```
From: Neema <ofisi.xxxx@gmail.com>
To: mishahara@kampuniyenu.co.tz
Authentication-Results: spf=pass; dkim=pass;
 dmarc=pass header.from=gmail.com
```

Hapa ndipo wengi wanaoanza huteleza. Wanaona neno `pass` mara tatu na kudhani mfumo umethibitisha kuwa mtumaji ni Neema. Mfumo haumjui Neema. Unachothibitisha ni kwamba barua imetoka kweli kwa mtoa huduma aliyetajwa katika `header.from`, ambaye hapa ni Gmail, na mtu yeyote anaweza kufungua akaunti ya Gmail akaipa jina analotaka. Tapeli aliyefungua akaunti yake kihalali atapata `pass` zote tatu bila shida.

Taarifa hizi zina faida zaidi katika hali nyingine, ambayo anwani ya kampuni imeigizwa:

```
From: Neema <neema@kampuniyenu.co.tz>
Reply-To: neema.xxxx@gmail.com
Authentication-Results: spf=fail; dkim=none;
 dmarc=fail header.from=kampuniyenu.co.tz
```

Hapo `dmarc=fail` inakuambia kwamba barua haikuthibitika kuwa imetumwa kwa ruhusa ya kikoa chenu, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya `@`, na mstari wa `Reply-To` unaonyesha mahali ambapo jibu lako lingekwenda kama ungebofya kitufe cha kujibu. Ikiwa barua za namna hii zinawafikia kwenye kikasha, mwambie fundi wenu wa mitandao aikague rekodi ya DMARC ya kikoa cha kampuni, yaani maelekezo yanayoiambia mifumo ya barua ifanye nini na barua zinazoigiza kikoa chenu, na akishajiridhisha kwamba barua zenu halali zinapita, aipandishe hadi `p=quarantine` au `p=reject`, ili barua hizo zitengwe au zikataliwe. Hiyo ni kazi yake. Lakini ajue, nawe ujue, kwamba rekodi hiyo huzuia uigizaji wa kikoa chenu tu. Barua kutoka Gmail yenye jina la Neema haiigusi hata kidogo.

Kisha ipo ile hali ya tatu, ambayo mtu ameiba nywila ya Neema na anaandika kutoka ndani ya akaunti yake halisi. Hapo anwani ni sahihi, `pass` ni sahihi, na hata mtindo wa uandishi unaweza kuwa sahihi, kwa sababu mwizi amesoma barua zake za zamani. Hakuna kitu ndani ya barua kitakachokuonyesha kosa. Kwa sababu hii sishauri mhasibu atumie nusu saa kuichunguza barua. Hatua ya pili na ya tatu zinaweza kukuambia "hii ni ya uongo", lakini haziwezi kamwe kukuambia "hii ni ya kweli". Ukweli unapatikana nje ya barua, katika hatua ya nne.

4. Mpigie mfanyakazi kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua kufika. Namba iliyo chini ya barua, katika saini, haifai. Namba iliyo kwenye kiambatisho haifai. Namba mpya ambayo "Neema" alikutumia wiki iliyopita akidai amebadilisha laini haifai pia, na hilo liwe onyo, kwa kuwa matapeli wenye subira huanza kwa kubadilisha namba ya simu katika kumbukumbu zenu kabla ya kugusa akaunti. Tumia namba iliyo kwenye orodha yako iliyohakikiwa.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukisema, "Dada, nimepata ombi lako la kuhamia benki fulani, ni sawa?", aliyechoka baada ya zamu ya usiku anaweza kuitikia "sawa" bila kusikiliza vizuri. Uliza swali lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo. Mazungumzo ya Masanja yalikwenda hivi:

"Shikamoo dada Neema."

"Marahaba. Masanja, mbona mapema? Mishahara imetoka nini?"

"Bado dada. Nilitaka kujua, wiki hii umewasilisha jambo gani ofisini kwetu?"

"Wiki hii? Karatasi za saa za ziada tu, za wale vijana wa zamu. Nilimpa karani."

"Na kwa barua pepe?"

"Barua pepe sijaandika kabisa. Kuna nini?"

Masanja hakumtajia ombi la kubadilisha akaunti mpaka Neema aliposema mwenyewe kwamba hakuandika. Kama angekuwa ameandika kweli, swali la kufuata lingekuwa, "Nitajie tarakimu nne za mwisho za akaunti unayoiacha na nne za ile unayohamia." Yeye ndiye atamke, wewe ulinganishe.

Usitosheke na ujumbe wa WhatsApp, hata wenye picha yake. Na hata simu ina mipaka: laini ya mtu inaweza kuhamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu na mhalifu, kwa hiyo simu inatosha kulikataa ombi, lakini haitoshi peke yake kulikubali.

5. Mabadiliko ya kweli yafanyike ana kwa ana, kwa fomu. Mfanyakazi aliyethibitisha kwa simu aje mwenyewe na kitambulisho cha NIDA au cha kazi, ajaze fomu na kusaini mbele ya aliyehakiki, akileta kadi ya benki au taarifa ya akaunti yenye jina lake. Barua ya benki iliyotumwa kama kiambatisho usiitegemee, kwani nembo na muhuri hunakiliwa kwa urahisi, na benki nayo haitakuthibitishia kwa simu taarifa za mteja wake kwa sababu ya wajibu wa kutunza siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mshahara ulipwe kwa kuwekwa benki katika akaunti ambayo mwajiriwa mwenyewe ameitaja kwa maandishi. Fedha zilizoingia katika akaunti aliyoitaja tapeli si mshahara wa Neema, naye bado anaudai.

Katika hatua hii fungua pia faili la mfanyakazi uangalie kama ana mkopo wa mshahara. Wafanyakazi wengi wamekopa benki kwa dhamana ya mshahara, na mwajiri alisaini ahadi ya kuendelea kuupitisha mshahara katika benki hiyo hadi deni liishe. Mwenye deni la miaka mitatu hahami benki kirahisi hivyo. Akitaka kuhama, atahitaji barua ya benki ya zamani inayoonyesha kwamba deni limekwisha au kwamba wameridhia, na barua hiyo uihakiki kwa afisa wa benki unayemfahamu. Nimeona kipengele hiki kikisahauliwa karibu kila mahali, ilhali ni kizuizi ambacho tapeli hakijui. Neema wa mfano wetu alikuwa na mkopo uliobaki miezi 14. Masanja angeweza kulitilia shaka ombi kwa kufungua faili tu.

6. Kabla ya kutuma faili benki, linganisha akaunti za mwezi huu na za mwezi uliopita. Hatua hii hukamata yaliyopenya katika hatua zote zilizotangulia, pamoja na mabadiliko yanayofanywa na mtu wa ndani. Ikiwa mnatumia Excel, weka orodha ya mwezi uliopita katika karatasi iitwayo `Juni` na ya mwezi huu katika karatasi nyingine, safu ya A ikiwa na namba ya mfanyakazi na safu ya B ikiwa na namba ya akaunti. Katika safu ya C ya mwezi huu andika:

```
=IF(B2=VLOOKUP(A2,Juni!A:B,2,FALSE),"","IMEBADILIKA")
```

Ishushe hadi mwisho wa orodha. Mstari wenye neno IMEBADILIKA lazima uwe na fomu iliyosainiwa, na mstari unaoonyesha `#N/A` ni wa mfanyakazi asiyekuwepo mwezi uliopita, ambaye naye awe na mkataba wa ajira. Kama mwezi huo mna fomu mbili za mabadiliko na Excel inaonyesha mistari mitatu, msitume chochote hadi ule wa tatu uelezeke.

Safu ya akaunti, katika karatasi zote mbili, iwe katika muundo wa `Text` kabla ya kuingiza namba. Isipokuwa hivyo, Excel itaondoa sifuri ya mwanzo, na akaunti nyingi za hapa nchini huanza na sifuri. Hapo utaona mabadiliko mahali ambapo hayapo, au namba isiyo sahihi itakwenda benki.

Ulinganisho huu aufanye yule mtu wa pili, naye ndiye aidhinishe katika mfumo wa benki mtandao. Aliyeingiza mabadiliko asiyaidhinishe mwenyewe, hata kama mwenzake yupo likizo na ametoa nywila yake "kwa muda". Pia msitegemee benki kugundua kwamba jina la Neema haliendani na jina la mwenye akaunti. Unapotuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, lakini katika faili la mishahara la watu wengi hakuna anayekaa kuyasoma majina moja moja.

7. Mjulishe mfanyakazi baada ya kubadilisha. Tuma ujumbe mfupi kwa namba ya kwenye orodha: "Akaunti yako ya mshahara imebadilishwa tarehe fulani. Kama si wewe uliyeomba, fika ofisi ya utumishi leo." Utume siku ile ile, na si siku ya malipo.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuharakisha. Barua hizi huja karibu na tarehe ya kufunga kwa makusudi, na mwandaaji mwenye huruma hutaka kumwokoa mwenzake asikose mshahara. Lakini asiyebadilishiwa hakosi kitu, kwa kuwa mshahara wake unaingia kwenye akaunti ya zamani kama kawaida. Hata aliyefunga akaunti ya zamani ataziona fedha zikirudi kwa kampuni, na atalipwa baada ya siku chache.

Kosa la pili ni kumwogopa mkubwa. Ombi likija kwa jina la mkurugenzi mkuu, mhasibu kijana huona aibu kumpigia. Utaratibu uandikwe na kusainiwa na mkurugenzi mwenyewe, ukisema wazi kwamba yeye pia atapigiwa na atajaza fomu, ili mhasibu awe na karatasi ya kuegemea.

La tatu ni kulikataa ombi la uongo na kuishia hapo. Tapeli aliyemwandikia Masanja huenda amemwandikia pia karani wa utumishi, kwa jina la mfanyakazi mwingine. Wajulisheni wote wanaogusa mishahara siku hiyo hiyo.

Mambo yakikwama

*Mfanyakazi hapatikani kwa simu.* Hili hutokea sana huku kwetu: mtu ameenda msibani Ukerewe, au yupo visiwani anakusanya samaki na mtandao hakuna. Mtafute kupitia msimamizi wake, kwa namba ya kwenye orodha, umwombe ampelekee ujumbe. Asipopatikana hadi tarehe ya kufunga, mshahara unakwenda akaunti ya zamani. Usikubali "mke wake amethibitisha".

*Yupo mbali kweli na anahitaji mabadiliko kweli.* Kama kampuni ina tawi au kituo karibu naye, ajaze fomu mbele ya msimamizi wa kituo hicho, karatasi ije kwa mkono au kwa basi, na umpigie baada ya kuipokea. Mabadiliko yaanze mwezi unaofuata.

*Barua imetoka kwenye anwani yake halisi na yeye anakana.* Akaunti yake ya barua pepe imeingiliwa. Fundi abadilishe nywila mara moja, aiondoe akaunti kwenye vifaa vyote ilimofunguliwa, awashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha akague kanuni za kikasha na anwani za kupeleka nakala nje. Wezi huweka kanuni inayohamisha au kufuta barua zenye maneno kama "mshahara" au "akaunti", ili mwenye kikasha asiyaone majibu yenu. Kanuni hiyo hubaki ikifanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa, kwa hiyo ni lazima iondolewe kwa mkono. Kagua pia alichosoma na kutuma tangu aingie.

*Wafanyakazi hujibadilishia akaunti wenyewe kwenye mfumo.* Hatari ni ile ile, ila tapeli hahitaji kumdanganya mhasibu. Anaingia kwa nywila ya Neema na kubadilisha. Hatua ya 6 na ya 7 ndizo zinazowalinda hapo, na ujumbe wa taarifa uende kwa simu, usiende kwa barua pepe peke yake.

*Fedha zimeshatoka.* Kwa kawaida utajua pale mfanyakazi atakapouliza kwa nini mshahara haujaingia, wakati wenzake wamepata. Usisubiri kikao. Piga simu benki yako dakika hiyo hiyo, ueleze kwamba ni malipo ya udanganyifu, utaje tarehe, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala na akaunti iliyopokea, na uombe wawasiliane na benki ya mpokeaji ili salio lizuiwe. Fuatisha kwa barua yenye saini siku ile ile, kwa kuwa simu pekee haitoshi kwa benki kuchukua hatua kamili. Malipo kati ya benki yakishakamilika, mtumaji hawezi kuyabatilisha mwenyewe, na benki ya mpokeaji haiwezi kuzirudisha fedha kwa ombi lako tu. Kinachowezekana ni kuzuia kilichobaki kabla hakijatolewa au kuhamishiwa kwenye simu, na mara nyingi hutolewa ndani ya saa chache.

Baada ya benki, nenda kituo cha polisi ukapate RB, ukiwa na nakala ya barua pepe iliyochapishwa pamoja na faili lake la asili lililohifadhiwa kwa `Download message` au `Save as`. Ukiisambaza kwa kitufe cha kupeleka mbele, taarifa za mtumaji wa asili hazifiki zikiwa kamili. Udanganyifu wa aina hii unaangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama tapeli alituma pia ujumbe mfupi kwa simu, upeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ikiwa kikasha cha mfanyakazi kilisomwa na mtu wa nje, zipo taarifa binafsi zilizovuja, na kiongozi wa kampuni aangalie wajibu wake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

*Nani alipe?* Mfanyakazi alipwe mshahara wake na kampuni kwanza, kwa akaunti yake ya zamani, bila kungoja uchunguzi. Msimkate mhasibu fedha hizo kienyeji. Sheria ya ajira ina masharti yake ya kukata mshahara, na mara nyingi uchunguzi huonyesha kwamba hakukuwa na utaratibu ulioandikwa ambao angeweza kuuvunja.